SMS ya Krismasi ya Wakala wa M-Pesa

Wakala wa Leparua, Isiolo, anayetaka kuwatakia wateja wake heri ya Krismasi ana shida moja kubwa: matapeli nao huandika msimu huohuo, kwa njia ileile. Huu hapa mfano wa ujumbe unaofaa:

"Krismasi njema! Ni Mama Duka wa M-Pesa, Leparua. Tarehe 24 nafungua saa 2 asubuhi, nafunga saa 11 jioni. Tarehe 25 sifungui. Siombi PIN wala pesa kwa simu."

Hesabu herufi, alama na nafasi: ni 155. SMS moja hubeba 160, kwa hiyo ujumbe huu unalipiwa mara moja. Ukiongeza kikatuni kimoja cha mti wa Krismasi, simu hubadilisha mfumo wa herufi na kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe uleule unagawanyika kuwa SMS tatu. Hata ile alama ya juu katika neno kama ng'ombe, ikipinda badala ya kusimama wima, huleta hasara hiyohiyo, na baadhi ya simu za kisasa huipinda zenyewe.

Kinachouaminisha zaidi ni saa za kazi. Tapeli hajui duka linafungwa lini, wala hana haja ya kujua. Mteja naye anazihitaji: mkesha wa Krismasi watoto walio mjini hutuma pesa nyumbani, wazee wakaja kutoa, na noti dukani zikaisha mapema. Akijua saa, atawahi.

Tazama pia kilichoachwa nje. Hakuna zawadi, hakuna kiungo cha kubonyeza, hakuna kiasi cha pesa, wala ile namba ya muamala inayofungua ujumbe halisi wa M-Pesa. Ujumbe halisi huja kwa jina MPESA. Wa wakala huja kwa laini yake ya kawaida. Akijaribu kuiga mtindo wa kampuni, mteja makini atamshuku, na atakuwa na haki. Kwa hiyo atumie laini ileile ambayo wateja wamezoea kumpigia. Akituma kwa laini mpya, hata maneno haya mazuri hayatamsaidia.

Kuna sharti moja kabla ya kutuma, nami naliona zito. Namba iliyoandikwa kwenye daftari la miamala ilitolewa kwa ajili ya muamala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara. Basi amuulize mteja akiwa dirishani: "Mama, nikutumie ujumbe wa sikukuu?" Hapohapo amuulize ni sikukuu gani, maana Isiolo ina Wakristo na Waislamu, na wapo watakaopenda salamu zao zije siku ya Idi.

Mteja akipata ujumbe wenye jina la duka lakini unaoomba PIN, autume kwa 333, namba ya Safaricom ya kuripoti utapeli, kisha amwambie wakala ana kwa ana.