Kumnukuu mzee wa Mghange si kumsemea

KATIKA makala ya leo, ninadhamiria kuhoji kanuni moja ambayo watengenezaji wengi wa video wameipokea bila kuichunguza. Kanuni yenyewe inahusu akili unde na wajibu wa kumwambia mtazamaji kwamba alichokiona au kukisikia kimeundwa na mashine. Hoja yangu ni kwamba kanuni hiyo inalinda sura na sauti ya mtu, lakini maneno yake inayaacha nje. Kwa lugha zetu, hapo ndipo palipo na hatari kubwa zaidi.

Tuanze na kanuni jinsi ilivyo. Tangu Machi 2024, YouTube humtaka anayepakia video ajibu swali kuhusu maudhui yaliyobadilishwa au kuundwa na mashine. Anatakiwa kukiri iwapo video inamwonyesha mtu halisi akisema au kutenda jambo ambalo hakulisema wala kulitenda, iwapo picha za tukio au mahali halisi zimegeuzwa, au iwapo mandhari inayofanana na ya kweli haikuwahi kuwepo. Kunakili sauti ya mtu mwingine ili isimulie video pia kumo. Akikiri, lebo huwekwa kwenye maelezo ya video. Ikiwa mada ni nyeti, kama vile afya, habari, uchaguzi au fedha, lebo huonekana juu ya video yenyewe. TikTok nayo inadai lebo kwa maudhui ya akili unde yanayoonekana kuwa ya kweli.

Sasa tazama kilichosamehewa. YouTube inasema kwamba kutumia akili unde kuandaa mswada wa video, kubuni kichwa au kutengeneza manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, hakuhitaji kutangazwa. Hayo yamehesabiwa kuwa msaada wa kazi tu, sawa na kurekebisha mwangaza wa picha. Hata lebo yenyewe imeandikwa kwa mtazamo huo: "Sound or visuals were significantly edited or digitally generated." Maana yake ni kwamba sauti au picha zimehaririwa kwa kiasi kikubwa au zimeundwa kidijitali. Maneno hayakutajwa.

Kwa mtu anayezungumza lugha ambayo mashine inaifahamu vizuri na mtazamaji naye anaielewa, msamaha huo hauna ubaya. Mtazamaji anasikia sauti, anasoma manukuu, na panapotokea kosa analiona mwenyewe. Lakini hebu tuipeleke kanuni hiyo Mghange, katika milima ya Taita, tuone itakavyofanya kazi.

Jina lenyewe ni mtihani wa kwanza. Wenyeji hutamka Mghange kwa sauti ya gh, ile ya kukwaruza kooni tunayoisikia katika neno ghali. Kwenye orodha rasmi za wadi, hata hivyo, utakuta Mwanda/Mgange, bila h. Mswada ukiandikwa na mashine iliyokusanya habari zake kutoka maandishi rasmi, utabeba tahajia hiyo, na sauti unde itakayousoma itatamka g ya gari. Kosa hili ni dogo na lina faida yake, kwa kuwa mwenyeji akilisikia atajua mara moja kwamba msimulizi hajawahi kukanyaga huko.

Ipo dalili nyingine ya aina hiyo, nayo imo katika sarufi. Mswada ukiandika "miti 2" au "watoto 3", msomaji wa Kiswahili anajua kwamba tarakimu hubeba upatanisho wa nomino, kwa hiyo anasoma "miti miwili" na "watoto watatu". Tarakimu haina kiambishi cha ngeli, na sauti unde nyingi huisoma kama ilivyo: "miti mbili", "watoto tatu". Kweli, wapo watu mtaani wanaosema hivyo, na kwa sababu hiyo dalili hii peke yake haitoshi kuthibitisha lolote. Lakini msimulizi mwenye Kiswahili sanifu cha redioni anapotamka "miti mbili", shuku. Dawa yake ni nyepesi: mwenye mswada aandike nambari kwa maneno.

Makosa hayo ya matamshi yanasikika. Ya manukuu ndiyo yanayojificha.

Chukua mfano huu wa kubuni. Kijana anamhoji mzee wa Mghange kuhusu fighi, yaani misitu midogo mitakatifu ambayo Wadawida waliitunza kwa matambiko na kwa ulinzi wa miji yao. Mzee anazungumza Kidawida. Kijana anataka video itazamwe Nairobi na ng'ambo, kwa hiyo anaitia sauti kwenye chombo kinachogeuza usemi kuwa maandishi. Mojawapo ya vyombo hivyo ni Whisper, kilichotolewa na kampuni ya OpenAI mnamo Septemba 2022. Whisper inatambua lugha zinazokaribia mia moja. Kiswahili kimo, Kidawida hakimo.

Je, chombo kikikutana na lugha kisichoijua kinafanya nini? Mkalimani mwenye heshima angesema, "Samahani, hii siielewi." Mashine ya namna hii haikuundwa kunyamaza. Huchagua mojawapo ya lugha inazozijua, kisha hutafuta maneno ya lugha hiyo yanayokaribiana na sauti iliyoingia. Kwa kuwa Kidawida na Kiswahili ni lugha za Kibantu zenye mizizi mingi ya pamoja, matokeo yanaweza kusomeka kama Kiswahili cha kawaida. Fighi yaweza kugeuka figo, na mzee aliyekuwa akieleza kwa nini msitu usikatwe akaonekana anatoa ushauri wa tiba. Kila neno lililoandikwa ni la Kiswahili na sentensi zinapita bila kukwama. Mtazamaji asiyejua Kidawida hana sababu ya kushuku chochote, kwani anauona uso wa mzee na kuisikia sauti yake halisi. Ukweli wa sura na sauti ndio unaoipa nguvu tafsiri ya uongo.

Hata pale ambapo lugha inajulikana na mashine, tafsiri ina mitego yake. Tuseme mama mmoja analalamika kwa Kiswahili kuhusu mgogoro wa shamba: "Chifu aliniambia nirudi saa tatu asubuhi. Nilirudi, hakuwepo." Manukuu ya Kiingereza yanatengenezwa na mashine. Kiambishi a- katika "aliniambia" hakisemi kama chifu ni mwanamume au mwanamke, ilhali Kiingereza kinadai kuchagua, na mashine mara nyingi huchagua mwanamume inapokutana na cheo. Nayo saa tatu, ambayo kwetu ni saa ya tisa kwa hesabu ya Kiingereza, huweza kubaki tatu. Sasa mlalamishi anaonekana kumshtaki chifu mwanamume aliyeahidi kukutana naye alfajiri, huku chifu wa mahali hapo akiwa mwanamke aliyetaja saa za kazi. Katika malalamiko, nani na saa ngapi ndiyo ushahidi wenyewe. Anayetaka kumbeza mama huyo ameshapata silaha, na mama hajui kwamba imetengenezwa kwa jina lake.

Ukirudi kwenye kanuni utauona ufa. Kanuni inataka lebo pale mtu halisi anapoonyeshwa akisema jambo ambalo hakulisema. Manukuu ya mzee wetu yamefanya jambo hilo hasa. Lakini kwa kuwa yameingia kwa mlango wa "manukuu", yamesamehewa. Mwenye video akijibu "hapana" kwenye swali la YouTube hajavunja kanuni yoyote. Angemwekea mzee sauti ya kunakiliwa inayosema maneno yale yale, angelazimika kukiri.

Wapo watakaosema kwamba tukidai lebo kwa kila manukuu, lebo zitajaa kila mahali na hakuna atakayezisoma. Pingamizi hilo lina uzito. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilianza kuweka lebo ya "Made with AI", na wapiga picha wakalalamika kwamba hata picha halisi zilizoguswa kidogo na programu ya kuhariri zilikuwa zikipigwa muhuri huo. Ilipofika Julai mwaka huo huo, Meta iliibadilisha ikawa "AI info". Lebo inayobandikwa bila kubagua humwonea mkweli na haimfichui mwongo.

Kwa hiyo sipendekezi lebo kwa kila maandishi. Napendekeza tofauti ambayo wanaisimu na wakalimani wanaijua siku nyingi, kati ya kunakili usemi na kuutafsiri. Manukuu yaliyo katika lugha ile ile ya msemaji yanaweza kubaki katika kundi la msaada wa kazi, kwa sababu msikilizaji anaweza kuyapima kwa sikio lake. Manukuu yaliyohamishwa na mashine kutoka lugha moja hadi nyingine, yakiandamana na sura ya mtu halisi anayetoa ushahidi au maarifa, ni kauli mpya. Hayo yatangazwe, na itajwe kama yupo mjuzi wa lugha aliyeyakagua.

Kijana wetu wa Mghange hana haja ya kusubiri kampuni zibadilishe kanuni. Kwanza, aache sauti ya mzee isikike, asiifunike kwa sauti unde. Pili, amtafute mtu anayejua Kidawida na Kiswahili, wakae na manukuu mstari kwa mstari kabla ya video kupakiwa. Atakachokagua kwanza ni majina, saa, nambari na nani alimtenda nani, maana hapo ndipo mashine huteleza kimyakimya. Tatu, aandike mwanzoni mwa maelezo sentensi moja wazi: "Mzee anazungumza Kidawida; tafsiri ilianzishwa na mashine, ikakaguliwa na mzungumzaji wa lugha." Ikiwa haikukaguliwa, aseme hivyo pia.

Je, tatizo litakwisha mashine ikifundishwa Kidawida? Kazi hiyo imeanza. Watafiti wa Kenya, akiwemo Audrey Mbogho wa chuo kikuu cha USIU, wamekusanya matini na sauti za Kidawida, Kikalenjin na Dholuo, na sauti hizo zimepitia mradi wa Common Voice wa Mozilla. Huo ni msingi wa maana. Hata hivyo, mashine inayoijua lugha itapunguza makosa tu. Haitaondoa haja ya kutangaza. Kadiri tafsiri inavyozidi kuwa laini, ndivyo kosa lililobaki linavyozidi kuwa gumu kuonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua sauti kama alama ya utambulisho wa mtu, sawa na chapa ya kidole. Anayeruhusu sauti yake irekodiwe ana haki ya kuuliza ni maneno gani yameandikwa chini yake, na asomewe kwa lugha anayoielewa kabla video haijatoka kijijini.