Usimwandikie mkurugenzi 'tushachoka', mwambie tangu lini

Majuzi kijana mmoja jirani yangu hapa Mountain View alinionyesha kwenye simu barua pepe aliyotaka kumtumia mkurugenzi wa idara moja ya umma. Yeye ni katibu wa kikundi cha wakazi, na wenzake walikuwa wamemtuma alalamikie taa ya barabarani. Ameniruhusu kuinukuu:

"Sasa mkubwa. Mimi ni sekretari wa wasee wa huku. Nilishawacheki juu ya ile mulika mwizi ya hapa steji. Haiwakangi na watu wanaporwa. Mlisema mtakuja hamkutokea. Sai tushachoka. Tunataka mtuambie ni lini mtaifiksi. Ntangoja jibu."

Msomaji ataona haraka makosa ya juujuu. 'Sasa mkubwa' ni salamu ya kumpoza askari wa trafiki, na 'wasee' ni watu wa mtaa wanaojuana. Hayo hayakunishughulisha sana, kwa sababu hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeyafuta. Kilichonishughulisha ni vitenzi.

Chukua 'nilishawacheki'. Kiambishi -sha- kinatokana na kitenzi 'kwisha': 'nimekwisha kuandika' ikafupika kuwa 'nimeshaandika', kisha mdomoni ikawa 'nishaandika'. Umbo la 'nimesha-' limezoeleka hata katika maandishi, nami silipigi vita. Tatizo ni kwamba -sha- humwambia msikilizaji kuwa jambo limekwisha kutendeka, basi. Tukiwa kibarazani hilo linatosha kwa kuwa sote tunakumbuka lilitendeka lini. Mkurugenzi hakumbuki, kwa sababu hakuwapo. Nilipomuuliza kijana aliwa-'cheki' lini na vipi, ilibidi apekue simu yake. Aliandika tarehe 3 Machi, akapiga simu tarehe 10. Tarehe hizo mbili ndizo zenye uzito katika malalamiko yote, na zilikuwa zimemezwa na silabi moja.

'Haiwakangi' ilikuwa na hatari kubwa zaidi. Kiambishi hicho cha -ng- kimeingia katika Kiswahili cha Nairobi kutoka lugha nyingine za Kibantu, na hubeba maana ya mazoea. Kiswahili sanifu hutumia hu-: 'taa huwaka'. Lakini hu- haina ukanushi wake; ukikanusha inakubidi useme 'haiwaki'. Nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya -ng- kupendwa mitaani, maana inaziba pengo la kweli. Hata hivyo, 'haiwakangi' inaweza kumaanisha haiwaki kamwe, au kwa kawaida haiwaki. Nikamuuliza ni ipi. Akacheka. "Aa, inawaka, mwalimu. Lakini ikifika saa tatu usiku inajizima."

Basi taa inawaka! Fundi aliyeambiwa kuwa taa haiwaki angekuja mchana, aijaribu, aione inawaka, aandike kwamba hakuna hitilafu na aende zake. Huenda ndivyo ilivyokuwa baada ya ile simu ya kwanza, hatujui. 'Mulika mwizi' nayo ni jina tamu la taa zile za mlingoti mrefu, ila jina hilohilo huitwa simu ndogo yenye kurunzi. Na 'sai', yaani saa hii, ni saa ya nani? Barua huenda ikasomwa baada ya siku nne.

Nilimwomba aiandike upya, akaniletea kitu cha pili kilichonitia hofu kuliko cha kwanza. Kilianza hivi: "Kwa taadhima kuu na unyenyekevu usio kifani, ninachukua fursa hii adhimu na adimu kukujulisha..." Taa ilitajwa katika sentensi ya tatu, na bado ilikuwa 'haiwaki'. Hapa walimu tunastahili lawama. Tumewafunza watoto kwamba urasmi ni kunyanyua sauti. Tumewapa anwani mbili na kichwa cha KUH au MINT, kisha tukawasifu kwa mapambo. Kijana alibadilisha mavazi ya barua, habari akaiacha palepale ilipokuwa imefichwa.

Tena alikuwa ameambiwa vifupisho vyote ni kosa, akageuza 'wenzangu' kuwa 'wenza wangu'. La hasha! 'Wenzangu', 'mkewe' na 'nduguye' ni miungano iliyokubalika katika sarufi, haina uzembe wowote. Kinachostahili kurefushwa ni 'ntangoja', 'ndo', 'sjui' na 'sai', ambavyo ni sauti ya mazungumzo iliyonakiliwa.

Liko pia suala la 'mlisema' na 'tunataka'. Kiambishi m- cha wingi kinaitupia lawama ofisi nzima, akiwamo mkurugenzi ambaye huenda hata hakuiona barua ya kwanza. 'Ofisi yako ilitueleza' inasema ukweli uleule bila kumnyooshea mtu kidole. Kijana aliniuliza kwa nini aombe ilhali analipa kodi. Swali zuri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Ufikiaji wa Habari ya mwaka 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, likiwa na maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kuelewa kinachoombwa. Afisa naye anapaswa kuamua haraka iwezekanavyo, na isizidi siku 21. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kutengeneza taa. Lakini ukiomba kufahamishwa iwapo ukarabati umepangwa na ni wa tarehe gani, umeomba habari. Hivyo 'tunaomba' hapa halimfanyi raia kuwa ombaomba.

Tulikaa tukaiandika pamoja, naye ndiye aliyeshika simu:

"Mada: Taa inayozimika mapema katika kituo cha matatu, Mountain View.

Kwa Mkurugenzi,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi wa Mountain View, eneobunge la Westlands. Taa ya mlingoti mrefu iliyo karibu na kituo chetu cha matatu huwaka jioni, kisha huzimika yapata saa tatu usiku. Imekuwa hivyo tangu mwanzoni mwa Februari. Wakazi wawili wameporwa mahali hapo baada ya taa kuzimika.

Tuliiandikia ofisi yako tarehe 3 Machi na kupiga simu tarehe 10 Machi. Tulielezwa kwamba fundi angetumwa. Kufikia leo, tarehe 24 Machi, hatujapata taarifa yoyote.

Tunaomba kufahamishwa iwapo ukarabati umepangwa, na ni wa tarehe gani.

Wako mwaminifu,"

Hakuna neno gumu humo. Ni ndefu kuliko ya kwanza, ila urefu wote ni wa tarehe, saa na mahali. Tazama pia kwamba 'hamkutokea' imekuwa 'hatujapata taarifa yoyote'. Tulibishana kidogo hapo. Aliona nimeilainisha, nami nikamwambia kwamba hatuna hakika fundi hakufika, tuna hakika tu kwamba hatukuambiwa. Aliposoma mara ya pili akakubali, ingawa alinuna.

Alipoituma, aliwaandikia wenzake kwenye kundi lao la simu: "Wasee, imeenda. Ntawashtua wakijibu." Hapo sikugusa herufi.