Kanda Isiyo na Jina: Je, Hii Kweli Ni Rufaro?

Kanda yenyewe ni ya dakika 90, haina jalada wala mwandiko. Ndani yake yumo Bob Marley na kundi lake, wamerekodiwa na mtu aliyekaa kwenye umati na redio kaseti yake. Jamaa aliyenitolea kopi pale Kariakoo aliapa kwamba ni shoo ya Uwanja wa Rufaro, Aprili 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru. Ushahidi wake? Wimbo "Zimbabwe" umo. Tangu hapo washikaji zangu wote wanaiita Rufaro, na mmoja ameshaitungia shairi.

Mimi sikubali. Wimbo kuwamo kwenye kanda unakuambia shoo haikuwa kabla ya lini, basi. Hapo napo uwe mwangalifu, maana tarehe ya kutoka albamu si tarehe ya wimbo kuzaliwa. "Survival" ilitoka Oktoba 1979, lakini Marley alikuwa ameshaimba "Zimbabwe" Boston, kwenye tamasha la Amandla la Julai 21 mwaka huohuo. Na wimbo kukosekana hakuthibitishi kitu, kwa sababu kanda ikigeuzwa upande, nyimbo nzima huweza kupotea.

Kwa hiyo nikaacha nyimbo, nikasikiliza uchafu.

Vyombo vya jukwaani vinavyotumia umeme hutoa mvumo mzito, mmm, ambao maiki ya msikilizaji huudaka. Urefu wa sauti yake unatokana na umeme wa nchi. Kwetu, Zimbabwe, Ulaya na hata Jamaika umeme hutetema mara 50 kwa sekunde. Marekani ni mara 60. Kwenye kinanda tofauti hiyo ni kama vitufe vitatu, ukihesabu vyeupe na vyeusi. Redio iliyochoka huweza kupandisha au kushusha mwendo wa kanda, lakini kwa kawaida haifiki hata kitufe kimoja.

Utauliza: je, mvumo haukuingia wakati wa kutoa kopi? Swali zuri, na hapo ndipo wengi huteleza. Nilichezea kanda kwenye redio ya betri ili nisiongeze mvumo wangu, nikakuta miwili. Mmoja uko toka mwanzo hadi mwisho, hata baada ya shoo kukatika na kanda kubaki tupu. Huo ni wa deki ya Kariakoo. Wa pili unakufa papo hapo, "tak!", pale mrekodi alipobonyeza kitufe cha kusimamisha. Huo ni wa ukumbini. Nikautafuta kila mmoja kwenye kinanda cha rafiki yangu: wa ukumbini uko vitufe vitatu juu ya wa Kariakoo. Sihitaji hata kujua kama redio yangu inakwenda sawasawa, kwa sababu ya Kariakoo naijua ni 50, nami napima mmoja kwa mwingine.

Rufaro imekwenda na maji. Jamaika nayo pia.

Yakabaki matarumbeta. Nyuma ya gitaa kuna tarumbeta na saksafoni, zinaingia kwa pamoja. Kwenye shoo ya Dortmund ya Juni 1980, ambayo ilipigwa picha, hazipo. Kwenye ya Santa Barbara, Novemba 25, 1979, zipo: ni David Madden na Glen DaCosta. Tuko basi kwenye ziara ya "Survival", upande wa Amerika, mwishoni mwa 1979. Boston ya Julai ilikuwa uwanja wa wazi, na kwenye kanda yangu makofi yanarudi kutoka ukutani. Ni ndani ya jengo.

Tarehe, je? Hapa lazima nikaze breki. Kwenye ziara moja kundi hupiga karibu nyimbo zilezile kila usiku, hivyo mpangilio wa nyimbo unakupa ziara, haukupi siku. Hata mtu akinithibitishia kwamba ukuta ule ni wa Apollo, Harlem, Marley alipiga pale siku nne mfululizo, Oktoba 25 hadi 28. Kuchagua moja kwa sababu inapendeza ni kurudia kosa la yule jamaa kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Kinachofunga siku ni jambo lisiloweza kutokea mara mbili. Kwenye kanda yangu, ubeti wa pili wa "Zimbabwe" ukianza, maiki inapiga mluzi mkali, Marley anaruka maneno mawili, na mtu karibu na mrekodi anacheka. Mwenye kanda yenye tarehe ya uhakika asikilize hapo. Kwa sasa nimeandika kwa penseli: "Amerika, mwishoni mwa 1979, ndani ya ukumbi, siku haijulikani."