Jina la Mbinu na Njia ya Kuwapata Watafitiwa: Uhakiki wa Usampulishaji katika Tafiti za Kimaelezo

Katika sura ya mbinu ya tafiti nyingi za kimaelezo, mtafiti hutaja kwamba alitumia usampulishaji wa kimakusudi, kisha hufasili istilahi hiyo. Kisichoelezwa mara nyingi ni namna watafitiwa walivyopatikana, na iwapo njia hiyo ingeweza kuwafikia watu wanaotajwa katika swali la utafiti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anauliza kwa nini baadhi ya wagonjwa huacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Anakwenda kliniki, ambako muuguzi anamteulia wagonjwa 8 waliowahi kuacha dawa. Hao wanamwelekeza kwa wengine 12. Anaandika kwamba alitumia usampulishaji wa kimakusudi, wa mnyororo na wa kinadharia.

Kasoro ya kwanza ni kwamba waliokutwa kliniki ni wale waliorudi. Kigezo kinaafikiana na swali kwa maneno, lakini mahali pa uteuzi pamekwisha kuwaondoa ambao hawajarejea. Mnyororo hauondoi kasoro hiyo, kwa kuwa kila mtu humtaja anayemfahamu. Mgonjwa aliyeficha hali yake hatajwi na yeyote, na watafitiwa 20 wanaweza kuwa wa kikundi kimoja cha kusaidiana.

Dai la usampulishaji wa kinadharia ni dhaifu zaidi. Kwa mujibu wa Glaser na Strauss (1967), uchambuzi unaoendelea ndio unaoamua nani atafutwe baadaye. Iwapo mahojiano ya awali yangedokeza kuwa hofu ya kujulikana ndiyo chanzo cha kuacha dawa, mtafiti angewatafuta walioacha ilhali hali yao inajulikana kwa jamaa zao, ili aone kama dhana hiyo inasimama. Idadi iliyopangwa katika pendekezo na mwongozo wa maswali usiobadilika ni dalili kwamba hatua hiyo haikufanyika.

Njia iliyo karibu zaidi na swali ingeanzia katika daftari la miadi, kwa mfano kwa waliopitisha siku 28 bila kufika. Wahudumu wenye jukumu la kuwafuatilia wangeomba ridhaa yao kabla mtafiti hajapewa jina lolote. Hata hivyo, baadhi watakuwa wamefariki, na wengine wamehamia kliniki nyingine bila kutoa taarifa. Hawa wa mwisho hawakuacha dawa. Pale ambapo njia hii haiwezekani, swali ndilo libadilishwe: waliorejea wanaelezaje kuacha na kurudi kwao? Data zilezile zingelijibu swali hilo ipasavyo.

Kwa hiyo, mtahini asitosheke na fasili. Adai jedwali linaloonesha kila mtafitiwa alifikiwa lini na kupitia kwa nani, pamoja na waliokataa. Endapo majina yote yanaishia kwa muuguzi mmoja, hitimisho kuhusu “wagonjwa wanaoacha dawa” limevuka mipaka ya ushahidi wake.