Kata Sentensi Kwanza, Swali Lifuate

Mwanafunzi aliyezoea mitihani ya ufahamu haanzi na kifungu. Husoma swali, huokota neno moja zito, hulitafuta kifunguni, kisha hunakili sentensi nzima lilimo. Ukiuliza "Kwa nini wanakijiji walihama?" na kifungu kikasema "Wanakijiji walihama kwa sababu mto ulifurika," amepata alama zake zote, nawe hujui kama ameelewa chochote. Ukiandika "waliondoka" badala ya "walihama," utakuwa unapima msamiati tu.

Maswali ya namna hiyo yana nafasi yake. Hata PIRLS, mtihani wa kimataifa wa kusoma kwa watoto wa darasa la nne, huyatengea takriban asilimia 20 ya alama. Tatizo huja pale swali linapokusudiwa kupima ung'amuzi na bado likajibika kwa kunakili.

Kwa maoni yangu, tatizo hilo huanza kabla ya swali kuandikwa. Mtunzi huchukua kifungu kilichokwisha kueleza kila kitu, kisha huhangaika kutafuta swali gumu ndani yake. Ni afadhali aanze na kifungu chenyewe: aitafute sentensi inayotaja sababu waziwazi, aifute, kisha aulize kuhusu pengo lililobaki. Tazama kifungu hiki, nilichokitunga kwa darasa la sita:

"Mzee Kombo alifika ufukweni kabla jua halijachomoza. Ngalawa tatu zilikuwa zimeshatia nanga. Aliweka chini deli zake mbili zilizojaa barafu, akatazama ndani ya ngalawa moja baada ya nyingine, kisha akaketi juu ya gogo. Mama mmoja mchuuzi alipita na beseni tupu kichwani. 'Leo rudi tu nyumbani, baba,' alisema. Mzee akacheka kidogo, akaanza kumwaga barafu mchangani."

Baada ya "zimeshatia nanga" palikuwa na sentensi moja zaidi: "Usiku huo wavuvi hawakupata kitu." Hiyo ndiyo niliyoifuta. Ikibaki, kila swali kuhusu mzee litajibiwa nayo.

Swali linalokuja haraka ni "Kwa nini Mzee Kombo alimwaga barafu?" Linaonekana zuri, lakini lina mwanya. Mwanafunzi atajibu, "Kwa sababu mama mchuuzi alimwambia arudi nyumbani." Amenakili, na msahihishaji hawezi kumkosoa kwa urahisi, maana maneno hayo kweli yametangulia tendo. Neno "kwa nini" likielekezwa kwenye tendo lililotajwa humpeleka msomaji kwenye sentensi ya jirani.

Basi swali liulize jambo ambalo kifungu hakikulitaja kabisa: "Mzee Kombo alikwenda ufukweni kufanya nini, na kwa nini hakulifanya?" Kununua samaki hakumo kifunguni, wala neno "samaki" lenyewe halimo. Mwanafunzi atalipata kwa kuunganisha barafu na ngalawa. Sehemu ya pili itamdai aunganishe jinsi mzee alivyozikagua ngalawa, beseni tupu na maneno ya mama.

Kulipima, funika kifungu chote uache sentensi moja tu, kisha ujaribu kujibu. Ufanye hivyo kwa kila sentensi. Sentensi ya deli peke yake haitoshi, na ya mama peke yake haitoshi. Kama mojawapo ingetosha, kuna kitu zaidi cha kukatwa. Kisha mpe swali hilo mtu ambaye hajaona kifungu. Huyu atasema mzee alikwenda kuvua au kupunga upepo. Angejibu sawasawa, swali lingekuwa linapima anachokijua mtu tayari, na usomaji haumo.

Mwongozo wa kusahihisha nao unaweza kuliharibu swali hili. Ukiandikwa "kubali jibu lolote la busara," kila msahihishaji atakuwa na mtihani wake. Mimi ningetoa alama moja kwa kununua samaki, moja kwa kusema kwamba hawakupatikana, na moja kwa ushahidi wowote mmoja wa kifunguni unaothibitisha hilo la pili. Anayenakili maneno ya mama bila kusema yanaonyesha nini atapata hiyo ya ushahidi peke yake.

Liko jambo moja ambalo vipimo hivyo viwili havilikamati. Mtoto wa Tanga au Lamu ameona barafu ikisubiri ngalawa. Wa Singida huenda hajawahi. Atashindwa swali kwa kukosa pwani, hali kusoma anakujua. Kwa mtihani wa nchi nzima ningeongeza sentensi hii baada ya ile ya kwanza: "Jana yake deli zake zilikuwa zimerudi zimejaa changu." Haisemi leo amefuata nini wala amekosa nini, lakini inampa mtoto wa bara kile ambacho mwenzake wa pwani alikuja nacho kutoka nyumbani. Ikishaongezwa, kufunika sentensi kunaanza upya, kwa sababu dokezo jipya linaweza kuwa ndilo jibu.