Prompti ileile, modeli nyingine

Tarehe 27 Juni 2023, programu zilizokuwa zikiita modeli ya OpenAI kwa jina fupi la `gpt-4` zilianza kuhamishiwa kwenye toleo jipya, `gpt-4-0613`, badala ya lile la Machi, `gpt-4-0314`. Wenye programu hawakugusa mstari hata mmoja. Watafiti watatu, Lingjiao Chen na James Zou wa Stanford pamoja na Matei Zaharia wa Berkeley, waliyapima matoleo hayo mawili kwa maswali yaleyale. Sehemu moja ya kipimo chao iliitaka modeli iandike programu fupi za kutatua mafumbo ya LeetCode, itoe msimbo mtupu bila maneno mengine. Katika majibu ya Machi, asilimia 52 yaliweza kuendeshwa moja kwa moja. Ya Juni yalikuwa asilimia 10. Sababu kubwa ni kwamba toleo jipya lilikuwa limezoea kuuzungushia msimbo alama tatu za kupambia juu na chini. Mtu anayesoma kwenye skrini huona jambo zuri, kwa sababu msimbo unatokea kwenye kisanduku chake. Programu inayopokea jibu hilo na kuliendesha hukwama kwenye mstari wa kwanza.

Kisa hiki kinaonyesha prompti inayofanya kazi imejengwa juu ya nini. Sehemu yake ni maneno uliyoyaandika, na sehemu nyingine ni tabia za modeli ulizozizoea mpaka ukaacha kuziandika: haipambi, haisalimii mara mbili, huelewa "kwa ufupi" kuwa sentensi tatu. Unapohama, maneno unahama nayo na tabia zinabaki nyuma. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuhamisha ni kuzitafuta hizo tabia ambazo hazikuandikwa, na kuziandika.

Utafiti huohuo unafundisha jambo la pili, gumu zaidi. Modeli iliulizwa kama namba fulani ni tasa, na usahihi wa GPT-4 ukaripotiwa kushuka kutoka asilimia 97.6 hadi 2.4. Habari hiyo ilienea sana. Arvind Narayanan na Sayash Kapoor wa Princeton walipoichunguza waligundua kwamba namba zote zilizotumika kwenye kipimo zilikuwa tasa. Toleo la Machi lilikuwa na mwelekeo wa kusema "ndiyo, ni tasa" kwa karibu kila namba, na la Juni lilisema "hapana" kwa karibu kila namba. Uwezo wa hesabu haukuwa umeporomoka kiasi kile, bali mwelekeo wa kubahatisha ulikuwa umegeuka. Kipimo chenye jibu la aina moja tu hakiwezi kutofautisha mambo hayo mawili, na vipimo vingi ninavyoviona kazini vina kasoro hiyohiyo: vimejaa mifano ambayo jibu lake sahihi ni "ndiyo".

Tuchukue kazi ya kawaida kwetu tuone inavyofanyika. Kampuni ya huduma za fedha kwa simu inapokea ujumbe wa wateja, na prompti inaagiza modeli iupange na kurudisha kitu kama hiki:

```json
{"aina": "muamala", "haraka": true, "mhudumu": false}
```

Programu inasoma `haraka` na kuamua ujumbe uende mbele ya foleni au usubiri. Kabla ya kugusa modeli mpya, kuna kitu cha kufanya kwa ile ya zamani. Jina lake liandikwe kamili, pamoja na tarehe au namba ya toleo, lisiachwe kuwa jina fupi linaloweza kuhamishwa na mwenye modeli. Kisha unakusanya ujumbe halisi, tuseme 300, namba za simu na majina yakiwa yamefichwa. Usiuchukue ovyo kutoka kwenye ujumbe wa wiki moja, maana utapata maswali ya salio tupu. Chagua kwa makusudi: wa haraka na usio wa haraka, wa Kiswahili sanifu na wa mitaani, ulioandikwa bila nukta, wenye mambo mawili ndani yake, na ule ambao hata mhudumu mzoefu angesita. Mtu aweke jibu sahihi la kila mmoja.

Hatua inayorukwa mara nyingi ndiyo inayofuata: ipime modeli ya zamani dhidi yake yenyewe. Ujumbe uleule, prompti ileile, mara mbili. Majibu hayatalingana yote, hata ukiweka `temperature` kuwa 0, kwa sababu mahesabu kwenye seva za modeli hizi hayatoki sawasawa kila mara. Tuseme ujumbe 5 kati ya 300 umebadilisha jibu. Hiyo 5 ndiyo kelele yako. Bila kuijua, utapoteza siku nzima ukitafuta sababu ya tofauti ambayo haina sababu, au utaipuuza tofauti ya kweli ukidhani ni bahati.

Sasa modeli mpya. Ile ya zamani ilipata 276 kati ya 300, mpya imepata 279. Mkuu wa idara akiona hivyo atasema tuhame leo. Lakini weka majibu ya modeli hizo mbili kando kwa kando, ujumbe kwa ujumbe. Mpya imepata 17 ambayo ya zamani ilikosa, na imekosa 14 ambayo ya zamani ilikuwa inaipata. Alama ya jumla imekuonyesha 3, na ndani yake kuna 31 zilizogeuka, mbali sana na kelele ya 5. Mteja wa zile 14 hajali kwamba wengine 17 wamehudumiwa vizuri zaidi. Yeye jana alisaidiwa na leo hakusaidiwa.

Zisome zote 14 kwa macho. Katika mfano wetu, 9 ni za sura moja:

"Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu, naomba msaada nimetuma pesa kwa namba siyo."

Modeli mpya imeweka `haraka` kuwa `false`. Ukirudi kwenye prompti unakuta sentensi hii: "Weka haraka kuwa true pale tu mteja anapoonyesha dharura." Modeli ya zamani haikuitii sentensi hiyo neno kwa neno. Ilijua kwamba pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine inaweza kutolewa wakati wowote, ikaamua yenyewe kuwa ni haraka. Mpya inatii kilichoandikwa. Mteja huyu amesalimia, ameomba radhi, hakupiga kelele wala hakuandika "haraka" popote, basi hajaonyesha dharura. Wakati huohuo ujumbe wa "JAMANI LUKU YANGU!!!" unapelekwa mbele. Adabu ya Kiswahili, ambayo humtaka mtu asalimie na kuomba radhi hata akiwa na shida kubwa, inawaadhibu waungwana.

Hili la kutii zaidi si bahati mbaya ya modeli moja. OpenAI ilipotoa GPT-4.1 mwezi Aprili 2025 iliwaeleza watengenezaji wazi kwamba modeli hiyo hufuata maagizo kwa karibu zaidi na kwa maana ya maneno yenyewe kuliko zilizotangulia, na kwamba prompti za zamani huenda zikahitaji kubadilishwa. Anthropic nayo imetoa mwongozo unaofanana kwa modeli zake za Claude 4. Kwa hiyo unapohama kwenda toleo jipya, anza kwa kuyasoma maneno ya "pale tu", "kila mara", "kamwe" na "LAZIMA" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Mengi yaliwekwa miaka iliyopita kuikemea modeli isiyosikia. Modeli inayosikia hulipokea kemeo hilo kwa uzito wote.

Tiba hapa ni kuandika tukio badala ya hisia: "Weka haraka kuwa true kama pesa imetumwa kwa mtu asiyekusudiwa, au kama mtu mwingine anatumia akaunti ya mteja, hata kama ujumbe ni wa upole." Rekebisha sentensi moja, pima tena ujumbe wote 300, angalia zilizogeuka. Ukibadilisha sentensi nne kwa pamoja hutajua ipi iliponya na ipi iliharibu. Na ongeza kwenye kipimo ujumbe wa upole usio wa haraka, usije ukaigeuza modeli iseme "haraka" kwa kila anayeomba radhi. Hilo ndilo kosa la namba tasa likirudi kwa mlango mwingine.

Majibu ya maneno, yale yanayosomwa na mteja mwenyewe, hayana sahihi moja, lakini yana vitu vya kuhesabika. Hesabu urefu wake wa wastani, mangapi yanaanza kwa salamu, mangapi yanamsukuma mteja kwa mhudumu. Hicho cha mwisho ni muhimu kuliko vyote. Prompti ikisema "kama huna uhakika, mpeleke kwa mhudumu", modeli mpya inaweza kuamini ina shaka mara mbili ya ile ya zamani. Kila jibu likisomwa peke yake ni la busara, na foleni ya wahudumu inafurika.

Kipimo kikipita, bado hujamaliza, na hesabu yenyewe inasema kwa nini. Ukipima ujumbe 300 na usione kosa hata moja la aina fulani, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kosa hilo halizidi takribani 3 gawanya kwa 300, yaani asilimia 1. Kampuni inayopokea ujumbe 10,000 kwa siku inaweza basi kuwa na wateja 100 wanaoumia kila siku, na kipimo chako kikawa safi kabisa.

Ndiyo maana kabla ya kumjibu mteja yeyote, modeli mpya ipewe nakala ya ujumbe halisi kwa siku kadhaa huku jibu lake likihifadhiwa tu. Modeli ya zamani inaendelea kujibu. Unasoma zile ambazo modeli mbili zimetofautiana, hakuna haja ya kusoma zote. Gharama ni mara mbili kwa siku hizo, na ni bei ndogo. Baadaye fungulia asilimia 5 ya wateja. Wagawe kwa mteja, usiwagawe kwa ujumbe, ama sivyo mtu mmoja atajibiwa na modeli mbili ndani ya mazungumzo mamoja. Kitu cha kuangaliwa ni wateja wanaouliza jambo lilelile tena ndani ya saa 24, kwa sababu asiyeridhika huuliza tena kabla ya kulalamika. Jina la modeli na prompti yake vihifadhiwe kama jozi moja, ili kurudi nyuma kusimwache mtu na prompti mpya juu ya modeli ya zamani.

Haya yote yanategemea kuwa na modeli ya zamani ya kulinganisha nayo, na haitakaa milele. Anthropic, kwa mfano, inaahidi taarifa ya angalau siku 60 kabla ya kuiondoa modeli iliyotolewa kwa umma, na muda huo huliwa haraka na kazi nyingine. Kama una prompti inayowahudumia watu leo, kusanya ujumbe wako wa kupimia wiki hii na uhifadhi majibu ya modeli uliyonayo. Ikishazimwa, hakuna njia ya kuiuliza tena.