Mtahini Alisema Kweli

Mwanangu,

Nimesoma ripoti ya mtahini. Ameandika kama rubani mwenye macho: alipopunguza nguvu ya injini, ulishika mwendo wa Cessna 172 bila gesi, maili za baharini 65 kwa saa, ukachagua shamba zuri, lenye upepo wa kukukabili. Kilichokuangusha ni flapi. Ulizishusha zote kabla hujawa na uhakika wa kufika, ndege ikazama, naye akalazimika kurudisha nguvu.

Hilo linarekebishika. Lenga theluthi ya kwanza ya shamba, si ukingo wake, kisha litazame doa hilo kwenye kioo cha mbele. Likipanda kioo, utaishia kabla yake, likishuka, utalipita. Flapi ngoja mpaka doa litulie au lianze kushuka. Ukiwa juu mno una namna ya kujipunguza. Ukiwa chini huna pa kukopa futi. (Usivute usukani kurefusha safari: mwendo utapungua na utafika karibu zaidi.)

Alhamisi saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado mpole, tutalirudia zoezi hili tu. Nitapunguza gesi bila kukuonya.

Mwalimu wako